Msiba wetu umeitwa "usumbufu": hizi salamu za kukariri za huduma kwa wateja

Wakuu, nina hasira tangu asubuhi, acheni niitue hapa.

Ijumaa tumemzika mzee wetu Mikindani. Ndugu walio mbali namba waliyoizoea ni ya marehemu, basi rambirambi wanatuma humo humo. Hela zinaingia, simu ninayo mkononi, namba ya siri kaondoka nayo mwenyewe. Nikapiga huduma kwa wateja kuuliza tufanyeje.

Nimesikilizishwa muziki dakika 11. Kisha binti akapokea: asante kwa kutupigia habari ya leo nikusaidie nini, yote kwa pumzi moja. Nikajibu nilivyolelewa: "Salama kiasi dada, habari za kazi?" Kimya. Halafu: "Nikusaidie nini?"

Huku kwetu ukimuuliza mtu habari, unangoja jibu. Mwenye msiba hatakwambia "nzuri", atasema "tunamshukuru Mungu", na hapo hapo unajua kuna jambo. Huyu kauliza na mlango kaufunga.

Nikamwambia baba amefariki, laini ni yake. "Sawa. Samahani kwa usumbufu uliojitokeza. Kwa usalama wa akaunti, naomba kuzungumza na mmiliki wa laini." Nikarudia, amefariki. "Nimekuelewa vizuri. Mmiliki yupo karibu?" Simu iko kwenye spika, mama yangu kakaa kwenye mkeka anasikia kila neno.

Mwisho kaniambia niende dukani kwao. "Uwe na siku njema, na uendelee kufurahia huduma zetu."

Kufurahia! Hawa ni watu au kanda?

Mkorosho Mkavu: Pole sana mkuu. Vijana wa siku hizi hawana adabu, ndiyo shida. Halafu wanalipwa kwa idadi ya simu, lazima wakukimbize.

Sikio la Zamani: Pole kwa msiba, kaka. Nimefanya kazi hiyo miaka minne. Kwetu tulilipwa mshahara wa mwezi, si kwa simu. Ila Mkorosho kuhusu haraka hujakosea, kwa sababu muda wa kila simu unahesabiwa na ukizidi unaitwa.

Kinachoua utu ni fomu. Simu zote zinarekodiwa. Msimamizi anachagua chache za kila mhudumu, anasikiliza huku anaweka alama: salamu imetamkwa? jina lake kalitaja? mteja amehakikiwa? sentensi ya pole ipo? kaaga? Fomu inauliza kama neno limetamkwa. Haiulizi kama lilifaa pale. "Samahani kwa usumbufu" ndiyo sentensi ya pole, iwe umekosa mtandao au umefiwa, na ukiitamka alama yako ipo. Mimi niliwahi kumwacha mama mmoja aliyetoka kuzika bila kumtakia siku njema. Alama zikakatwa.

Kuhakiki hapo siwatetei wala siwalaumu. Matapeli nao hujifanya wafiwa. Lakini akishasikia "amefariki", alipaswa kuacha kumtafuta mmiliki na kuuliza wewe ni nani kwake.

Binti Nachingwea: Jamani na mimi jana nimetuma elfu 40 kwa namba ya mtu nisiyemjua, naipataje?

Sikio la Zamani: Piga sasa hivi dada, kabla hajaitoa. Akishaitoa ni kumbembeleza yeye.

Mkorosho Mkavu: Si waandike ukurasa wa misiba basi, yaishe?

Sikio la Zamani: Kwetu waliandika. Baada ya mwezi tukawa tunauimba ule ule, kwa sauti ile ile ya kutangaza vifurushi. Kilichosaidia kidogo ni msimamizi mmoja aliyetupa mambo ya lazima tu (taja ulipo, hakiki, eleza hatua), maneno akatuachia. Wazoefu tukapumua. Wageni wakababaika, wawili wakasahau kuhakiki, karatasi ya maneno ya kukariri ikarudi.

Mama Shangani: Mwanangu, poleni. Usihangaike tena na simu. Chukueni cheti cha kifo RITA, ukoo ukae uchague msimamizi wa mirathi, mkafungue shauri la mirathi mahakama ya mwanzo. Ukienda dukani na karatasi hizo watakusikiliza. Na waambieni ndugu leo hii waache kutuma kwenye namba hiyo.

Mwanzisha uzi: Ahsante mama, shikamoo. Ndugu nimeshawaambia. Sikio, nimekuelewa, binti simlaumu kama nilivyoanza. Ila "pole kaka" inachukua sekunde moja. Wapi imeandikwa kuwa ni kosa?

Sikio la Zamani: Haijaandikwa popote. Wala haijaandikwa kuwa inaruhusiwa. Ukiwa na miezi miwili kazini, hujaribu.