Karatasi ya mauzo ya mahindi ya AMCOS: bei ya ghalani au ya kufikisha Dar?

KatibuMgeni
Wakuu, shikamooni. Nimekabidhiwa ukatibu wa AMCOS yetu juzi tu. Kuna kinu Dar kinataka tuwatumie karatasi ya mauzo kabla ya Alhamisi jioni, na ile ya katibu aliyepita ina mistari miwili tu: "Mahindi meupe makavu, daraja la kwanza, gunia 900. Bei maelewano, tunafikisha popote."

Wajumbe wamegawanyika. Kuna wanaosema tuandike bei ya ghalani, mnunuzi aje na gari lake. Wengine wanasema tuandike bei ya kufikisha, ndipo faida ilipo. Nyie mngeandika ipi?

MzeeWaMizani
Marahaba. Kabla hatujakwambia ipi: mko wapi? Gunia lenu ni kilo ngapi? Unyevu ni ngapi, na mmepima kwa kifaa gani? Mahindi yote yamepukuchuliwa kwa mashine moja? Hapo ulichoandika ni kama kumwambia fundi akushonee suruali bila kumpa kiuno.

DadaParachichi
Sisi huku Njombe ukisema saizi 18 kila mtu anajua ni matunda 18 kwenye boksi la kilo 4, hakuna ubishi. Achaneni na mahindi, pandeni miti 😄

KatibuMgeni
Songea vijijini. Gunia ni kilo 100 na kidogo. Unyevu tumepima kwa chumvi kwenye chupa, haikuganda. Gunia 600 zimepukuchuliwa kwa mashine, 300 wazee wamepiga kwa fimbo.

DalaliMtulivu
"Kilo 100 na kidogo" ndiyo lugha ya soko. Mnunuzi akiona gunia limejaa juu roho yake inatulia. Wala usiandike bei, ukishaandika umejifunga. Acha maelewano.

MzeeWaMizani
Dalali, hiyo "na kidogo" ni lumbesa, na anayeumia ni mkulima. Kilo tano kila gunia kwa gunia 900 ni tani nne na nusu zimetolewa bure. Katibu, andika kwa kilo: jumla ya kilo, bei kwa kilo. Gunia ni chombo cha kubebea tu.

DalaliMtulivu
Mzee, kinu kinanunua kwa mizani, sawa. Sokoni je? Umewahi kumuuzia mama wa genge kwa kilo? Tusiandike mambo ya vitabuni.

MzeeWaMizani
Aliyeomba karatasi ni kinu, si mama wa genge.

MamaGhala
Nyie endeleeni na lumbesa, mimi nimweleze Katibu yaliyotupata.

Msimu mmoja tuliandika hivyo hivyo, "mahindi makavu, tunafikisha". Tukakodi semi, tukapakia gunia 300, kilo 30,000 juu ya alama kwenye mizani yetu. Safari ni zaidi ya kilomita 900. Gari linafika getini, kijana wa kiwandani anatoboa magunia kwa bambo, anachanganya punje kwenye beseni, anamimina kwenye mashine yake: 14.8. Anasema wao mwisho ni 13.5. Nikampigia mwenyekiti, akajibu "lakini tuliandika makavu". Makavu kiasi gani? Hatukuandika.

Wakatupa mawili: turudi na mzigo, au tukubali wakate kilo 2 kila gunia. Tulibishana siku tatu. Dereva anadai hela ya kusubiri kila siku, mvua ya usiku imepenya pembeni ya turubai, gunia kumi na kitu za juu zimelowa, hizo nazo wakazikataa. Tukasaini makato. Kilichoniuma zaidi, hatukuwa na sampuli yetu. Nisingeweza kuthibitisha kwamba yalitoka ghalani na unyevu gani. Huenda kijana yule alikuwa sahihi, huenda hakuwa. Mpaka leo sijui.

Ndiyo maana nasema bei ya ghalani, mzigo uwe wao kuanzia mlangoni.

MzeeWaMizani
Pole sana. Makato yale tuyapige hesabu, maana Katibu atakutana nayo. Kwenye kilo 30,000 za unyevu 14.8, kitu kikavu ni asilimia 85.2. Ukiyashusha hadi 13.5, kikavu kinakuwa 86.5. Kwa hiyo 30,000 × 85.2 ÷ 86.5 = kilo 29,549. Maji ya ziada yalikuwa kilo 451, yaani kilo moja na nusu kila gunia. Wao walikata 600.

MamaGhala
Kumbe! Kilo 150 zimekwenda hivi hivi.

FundiKinu
Si hivi hivi, mama. Kuanika au kukausha tani 30 kuna gharama, na mzigo mbichi hatuwezi kuuweka stoo na mengine. Mzee amehesabu maji tu.

MzeeWaMizani
Basi gharama hiyo iandikwe mapema, isizaliwe getini. Mstari mmoja unatosha: "Unyevu usiozidi 13.5. Ukizidi hadi 14.5, makato ni kwa hesabu ya maji. Ukizidi hapo, mnunuzi ana haki ya kukataa."

BintiWaKilimo
Katibu, chumvi inatosha kabisa, sisi ndiyo tunayotumia miaka yote. Na ikiwa 13.5 hayo tayari ni daraja la kwanza.

FundiKinu
Chumvi ni nzuri kwa kuweka akiba nyumbani, lakini inaanza kuganda kwenye chupa unyevu ukifika kama 15. Mahindi ya 14.5 yanapita kwenye chumvi halafu yanakwama kwangu. Na 13.5 ni kikomo cha madaraja yote, hakipandishi mtu daraja. Kwa kiwango cha Afrika Mashariki daraja la kwanza punje zilizovunjika zisizidi asilimia 2, la pili 4, na kuna vipimo vingine pia. Ukifeli kimoja unashuka, hata kama vingine vyote umepita. Zile 600 za mashine zipimwe kwanza. Pima gramu 500 kwenye mizani ndogo, chagua zilizovunjika kwa mkono. Zikizidi gramu 10, si daraja la kwanza.

Na tafadhali usiandike "hayana sumukuvu". Haionekani kwa macho. Andika tarehe ya kipimo na mzigo uliochukuliwa sampuli.

KatibuMgeni
Nimetoka ghalani sasa hivi. Za mashine nimepata gramu 17 kwenye 500, za fimbo gramu 6. Kwa hiyo nazitenga mafungu mawili:

"Fungu A: kilo 30,000, punje zilizovunjika 1.2. Fungu B: kilo 60,000, zilizovunjika 3.4. Unyevu utapimwa kwa mashine mbele ya mnunuzi wakati wa kupakia, na sampuli mbili za kilo 2 zitafungwa na kusainiwa na pande zote, kila upande ubaki na moja. Bei kwa kilo, ghalani. Makuli wa kupakia ni juu yetu, usafiri na ushuru wa halmashauri ni juu ya mnunuzi. Ofa hii ni ya siku 7."

Nimesema sawa?

FundiKinu
Usiyaite daraja la kwanza hata fungu A mpaka na vipimo vingine vipimwe. Takwimu zenyewe zinatosha. Ila jua kinu kisicho na magari kitataka bei ya kufikisha pia.

MamaGhala
Kitafute magari.

DalaliMtulivu
Mama una hasira bado 😂 Weka bei zote mbili Katibu, anayetaka afikishiwe alipie nusu kabla ya gari kuondoka.

MzeeWaMizani
Nusu hiyo hailindi kitu kama karatasi haisemi mizani ipi ndiyo ya mwisho. Ya ghalani au ya kwao?

KatibuMgeni
Hilo ndilo wajumbe wanabishania hapa nje sasa hivi. Mizani yetu stika ya Wakala wa Vipimo ni ya mwaka juzi.

BintiWaKilimo
Samahani, hiyo mashine ya unyevu inapatikana wapi Songea?