Kuficha anwani na namba kwenye picha ya bidhaa: ukungu, kalamu, au kisanduku cheusi?

Pwani_Juu
Birika langu la umeme limefika limepasuka. Nataka kuweka picha kwenye maoni ya bidhaa, lakini boksi limechanika kando kabisa ya lebo yenye anwani yangu, na risiti ina namba ya akaunti. Tena ubavu wa birika unang'aa kama kioo, naonekana mimi na mwanangu. Nitie ukungu, nipake kalamu ya simu, au nikate picha?

Kibanda10
Ukungu unatosha, ndugu. Uongeze mpaka maandishi yasisomeke. Ukikata picha, muuzaji atasema hilo ni boksi jingine.

Bi_Lenzi
Kuhusu kukata, sawa. Kuhusu ukungu, hapana. Tarakimu ni kumi tu: mtu akijua aina ya maandishi, anazitia ukungu uleule moja moja na kulinganisha mpaka zifanane. Kalamu ya simu nayo huenda ikapitisha mwanga. Niliwahi kuongeza mwangaza kwenye picha ya jamaa yangu, namba ya nyumba ikajitokeza. Mimi naamini kisanduku cheusi kilichojazwa kabisa, kisha unahifadhi kama JPG mpya.

Funika na msimbopau wote. Mistari yake inasema jambo lilelile kutoka juu hadi chini, kwa hiyo ukibakiza ukanda mwembamba tu, simu bado inaweza kuusoma.

Salma_K
Mimi nilifunika lebo nzima, madai yangu yakakataliwa, eti hakuna kinachoonyesha kwamba oda ni yangu. Kwa hiyo niwarushie hadharani ilivyo?

Bi_Lenzi
Usifanye hivyo, dada. Ulificha kupita kiasi tu. Acha tarehe, jina la bidhaa na tarakimu nne za mwisho za oda. Picha asili itunze, umpe muuzaji faraghani akiihitaji.

Pwani_Juu, boksi bado unalo, basi bandika karatasi juu ya anwani kabla ya kupiga. Kilicho chini ya karatasi hakimo kwenye faili, hakuna wa kukifukua. Piga moja kwa mbali, boksi na birika pamoja, na nyingine ya karibu, ufa wote uonekane bila kuguswa na kisanduku chochote. Simama pembeni, mtoto akae nyuma yako, kisha kuza picha ukague ule ubavu.

Kibanda10
Karatasi nimeikubali. Simu huficha mahali ulipopigia ndani ya faili la picha. Paondoe kwa programu ya exiftool kwenye kompyuta, tarehe ibaki:

```
exiftool -gps:all= birika.jpg
```

Ile `birika.jpg_original` inayobaki bado ina mahali. Usiipandishe hiyo.

Pwani_Juu
Nimepiga upya. Sura hazimo, ufa unaonekana vizuri. Na namba ya seri iliyo kitako cha birika?

Bi_Lenzi
Ningeficha tarakimu za katikati. Mwingine anaweza kuitumia kudai waranti yako.

Kibanda10
Mimi ningeiacha. Bila hiyo, muuzaji atajuaje kwamba ni birika alilokutumia?