Naomba ushauri: nipinge vipi hoja kwa Kiingereza kikaoni bila kuonekana mkali?

Mchapakazi_Dom

Wakuu, habari za jioni. Vikao vyetu vya Jumatatu vinaendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu wafadhili wawili hujiunga kwa mtandao. Msamiati wa kazi ninao, ninapokwama ni pale nisipokubaliana na mtu. Nikisema "No, that is not correct" chumba kizima kinapoa. Nikinyamaza, kwenye muhtasari inaandikwa wote tumeafiki.

Jumatatu ijayo mwenzetu wa fedha atapendekeza tuchapishe vitabu 500 vya mafunzo ya Juni. Waliojiandikisha ni 320. Sipingi kuchapisha, napinga idadi tu. Niseme nini hasa, neno kwa neno?

Na jingine: kwenye kikundi chetu cha kujisomea uhasibu tunajadiliana kwa Kiingereza kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Huko nako mtu akikosea namkosoaje?

Kibaokata

Rahisi sana mkuu. Kila mara anza na "I agree with you, but", halafu sema la kwako. Hakuna atakayekasirika kwa sababu umeanza kwa kukubali.

Mjumbe_wa_Debeti

Usisahau kumsalimu mwenyekiti, mtunza muda na wasikilizaji wote, kisha "I stand here to oppose the motion". Toa hoja tatu kwa mpangilio, "firstly, secondly, thirdly", umalize na "I beg to support my side". Ukiwa na sauti ya kujiamini utashinda.

Mwl_Sarufi

Mjumbe, hiyo ni ya mdahalo wa shule, ambako kuna pande mbili na mshindi. Mwenzetu yuko kikaoni na watu atakaoendelea kufanya nao kazi Jumanne. Akisema "I oppose" wageni watasikia kama amepinga mpango mzima.

Kibaokata, umegusa jambo lakini lina shimo. "I agree with you" kwa Kiingereza ni kauli nzito, inamaanisha nimeafiki. Ukiisema halafu ukapinga, mambo mawili hutokea. Anayeandika muhtasari ameshaandika "agreed" kabla hujafika kwenye "but". Na aliyezoea lugha hiyo anaona umemwambia kitu usichokimaanisha. Itumie pale tu unapokubaliana na sehemu fulani kweli, na uitaje hiyo sehemu. Mchapakazi anakubali kuchapisha, basi aseme hivyo.

Mkuu, jibu lako liwe na vipande vinne vifupi, yote yasizidi sekunde ishirini:

"I agree we need printed copies. It's the number I'm not sure about. We have 320 people registered. Could we print 350 and keep the rest of the money for transport?"

Sentensi ya kwanza inashika kile mnachokubaliana. Ya pili inataja mahali penyewe mnapotofautiana, na angalia haina "you" ndani yake: shaka iko kwenye idadi, haiko kwa mtu. Ya tatu ni takwimu tupu, isiyo na maoni. Ya nne ni pendekezo lililovalishwa swali. Hiyo "could we" ndiyo inayobeba adabu yote. Ukisema "we should print 350" umetoa amri, na "you should print 350" ni amri kwa mtu mmoja mbele ya wenzake.

Sababu ya chumba kupoa ni kwamba sisi adabu tunaiweka kwenye "samahani", kwenye "ndugu", kwenye "naomba", halafu kauli yenyewe inaweza kuwa wazi kabisa. Ukihamisha ile kauli peke yake kwenda Kiingereza, adabu inabaki nyuma. Kiingereza kinaiweka ndani ya kitenzi: "could", "might", "I'm not sure", "I don't think". Hii ya mwisho tunayo sisi wenyewe. Kati ya "nadhani haitawezekana" na "sidhani kama itawezekana" unasikia ipi ni laini. Ndivyo ilivyo kwa "I think it won't work" na "I don't think it will work". Chukua ya pili.

Binti_Mwambao

Mwalimu, asante. Vipi "with due respect"? Na "I beg to differ"? Naona ndiyo "naomba nitofautiane" yetu.

Mwl_Sarufi

"Naomba nitofautiane" ni laini, "I beg to differ" si laini. Masikioni mwa Waingereza ina ukavu, kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi. Iache.

"With due respect", na hata "with respect", kwa Waingereza wengi ni onyo kwamba kinachofuata ni pigo. Ni kali mno kwa matumizi ya kila wiki. Badala yake "I see it a bit differently" inafanya kazi ile ile ya "naomba nitofautiane", na haina makali.

Kibaokata

Hapo sikubali mwalimu. Hapa kwetu, mahakamani na kwenye vikao vya bodi, "with due respect" inatumika na wazee inawaheshimu kwelikweli. Kiingereza chetu nacho ni Kiingereza.

Mwl_Sarufi

Una haki. Kikao kikiwa cha watu wa hapa tu, itasikika kama heshima. Swali ni nani amekaa mezani, na kwa Mchapakazi kuna wageni wawili ambao sijui wanatoka wapi.

Kipanga_Dubai

Mimi nafanya kazi na Waingereza na Wahindi, na kinachoumiza Waswahili huku siyo kupinga, ni kujibu maswali ya kukanusha. Mwenyekiti anauliza "So you don't have any objection?" Mswahili anajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, sina. Mwingereza anasubiri hiyo pingamizi aisikie! Mpaka hapo kikao kimeshachanganyikiwa.

Ya pili ni "Do you mind if we start at eight?" Ukisema "Yes" umekataa kuanza saa mbili asubuhi.

Mwl_Sarufi

Kipanga kaeleza vizuri. Kiswahili "ndiyo" inakubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza "yes" na "no" hufuata hali halisi: kitu kipo ni "yes", hakipo ni "no", aliyeuliza aulize vyovyote. Huna pingamizi, basi "No".

Kinga ni kutokuacha "yes" au "no" peke yake. Ivute na kitenzi: "No, I don't have any." "No, I don't mind." "Yes, I do have one concern." Hata ukiteleza kwenye neno la kwanza, kitenzi kitakuokoa, maana msikilizaji atauliza tena akiona havilingani.

Na kwa upande wa kusikia, msishtuke na "I couldn't agree more". Ina umbo la kukanusha lakini maana yake nakubali kabisa, asilimia mia. Kinyume chake ni "I take your point". Hiyo inasema hoja yako nimeielewa, haisemi nimeikubali. Watu wengi huondoka kikaoni wakidhani wameshinda kwa sababu waliambiwa hivyo.

Hesabu_Jioni

Nijibu la kikundi cha kujisomea, maana limesahaulika. Kule "wrong" inaua mjadala, na mbaya zaidi mara nyingine aliyekosea ni wewe. Tumieni kulinganisha majibu kabla ya kuhukumu.

Mfano: kodi ya pango imelipwa shilingi 600,000 kwa miezi sita, na hadi mwisho wa mwaka wa hesabu imetumika miezi miwili. Mwenzako kaingiza zote 600,000 kwenye matumizi. Usimwambie "You are wrong". Sema "I got a different figure. I have 200,000 as expense. How did you treat the other four months?" Swali la mwisho linampeleka moja kwa moja kwenye ile 400,000 ambayo bado ni mali, na atajirekebisha mwenyewe. Kama yeye ndiye sahihi, nawe hujaumbuka.

Akikurekebisha wewe, sema "You're right, I missed that" na songeni mbele. Siyo "You have right", na siyo "I am agree". "Agree" ni kitenzi tayari, haitaki "am".

Binti_Mwambao

Mimi tatizo langu siyo kupinga, ni kupata nafasi. Wakianza kuongea hawapumui. Nikisubiri wamalize, mada imeshapita.

Kipanga_Dubai

Dada, usisubiri kimya, hakitakuja. Mtu akimaliza sentensi moja, ingia na "Sorry, can I come in here?" au "Can I just add something?" kisha nyamaza kidogo upewe nafasi. Mtandaoni inua kile kiganja cha kwenye skrini kwanza. Ukikatwa katikati: "Let me just finish this point." Sauti tulivu, usiharakishe.

Mchapakazi_Dom

Nawashukuru sana. Nimejaribu kuandika yangu:

"According to me, I agree we need printed copies, but the number is a problem. Registered people are 320. Could we print 350, isn't it?"

Nirekebishieni.

Mwl_Sarufi

Umekaribia. "According to me" iondoe kabisa. "According to" ni ya chanzo kingine: "According to the list, we have 320 people registered." Hapo itakusaidia kweli, kwa sababu sasa inayozungumza ni orodha. Kwa maoni yako mwenyewe, "I think" inatosha.

"The number is a problem" ni hukumu. "I'm not sure about the number" inaacha mlango wazi, kwani huenda wa fedha ana sababu, labda wanatarajia watu wa Septemba pia. Na "isn't it" haigandi kila mahali kama "sivyo?" yetu. Kwenye swali la "could we" haihitajiki kabisa.

Mchapakazi_Dom

Nimeelewa mwalimu. Na kama akisema ana sababu, lakini sijaridhika, halafu mwenyekiti anauliza "Are we all agreed?" na kila mtu ananitazama?

Mwl_Sarufi

Kama unaweza kuishi na uamuzi huo: "I still have a doubt about the number, but I'm happy to go along with it." Shaka yako itaingia kwenye muhtasari na kikao kitaendelea. Kama huwezi: "Not quite yet. Could we check the list before we order?"

Kibaokata

Hiyo "happy to go along" naichukua mimi. Ila "with due respect" siiachi.