Naomba ushauri: wanafunzi wanaandika "furnitures" na "advices"

Habari zenu walimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Kwenye insha, wanafunzi wangu wanaandika "two furnitures", "many informations", "an advice". Nadhani Kiswahili kinachangia: sisi tunahesabu fanicha mbili, taarifa tatu, bila tatizo.

Nilijaribu kuanzia kwa unga. Hakuna anayesema unga mbili. Tunasema kilo mbili za unga. Basi nikawaambia "furniture" ni kama unga, inahitaji kipimo: "two pieces of furniture". Wakaelewa, ila wiki iliyofuata nikakuta "two pieces of furnitures". S imerudi mlango wa nyuma!

Kingine, nilipopiga marufuku "advices", mmoja akaandika "My mother advise me". Kaiondoa s ya mwisho hata kwenye kitenzi, ambako ndiko inakotakiwa: "advises". Nililitaka mwenyewe, maana sikutenganisha nomino yenye c na kitenzi chenye s.

Sasa naomba mnisaidie. Nifundishe nomino na kitenzi siku moja, au niviache mbalimbali? Na hiyo "pieces of furnitures" mnaitibu vipi?