Naomba ushauri: ujumbe kwa mjumbe anayetumia kiti mwendo kuhusu ukumbi na saa ya kikao

Ndugu wanachama, mimi ni katibu wa kamati ya wazazi. Mjumbe wetu mmoja, mama anayetumia kiti mwendo, amekuwa akikosa vikao kwa sababu ukumbi wa zamani uko ghorofani. Sasa tumepata ukumbi wa chini, nami nimeupima kabla ya kumwandikia, kwa kuwa kumwambia tu kwamba "panafikika" hakumsaidii kuamua.

Mlango una upana wa sentimita 90, na sakafu iliyoinuka sentimita 30 imewekewa mteremko wa zege wenye urefu wa mita 3.6, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Choo kiko usawa huohuo. Tatizo ni kipande cha changarawe kati ya geti na mteremko, ambapo magurudumu madogo ya mbele yanaweza kuzama, na naona ni haki yake kulijua hilo mapema.

Nimeandika hivi: "Shikamoo mama. Kikao cha Jumamosi kitakuwa kwenye ukumbi usio na ngazi, ila pana changarawe getini. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ni saa ipi inayokufaa kwa usafiri wako? Kama zote hazifai, tafadhali pendekeza nyingine."

Je, vipimo niviweke humohumo au nimtumie pamoja na picha? Na je, nisubiri jibu lake kabla ya kuwatangazia wajumbe wengine saa ya kikao?