Tupeane uzoefu: Je, ni ujirani uliowaunganisha, na ni nini kinachowaweka pamoja?

Mpangaji wa Temeke: Mimi na mke wangu tulikuwa wapangaji wa nyumba moja. Chumba chake kilikuwa karibu na mlango wa uani, kwa hiyo kila aliyekwenda bombani alipita kwake na kumsalimu. Nahisi kama angepangishwa chumba cha mbele, tusingezoeana kabisa. Wenzangu ilikuwaje?

Bwana Kitalu: Jibu ni rahisi: ukaribu huzaa mapenzi. Unayempenda, hamia jirani naye.

Mwalimu wa Morogoro: Bwana Kitalu amepatia nusu. Mwaka 1950 Festinger, Schachter na Back walichapisha utafiti wao wa Westgate, makazi ya wanafunzi wenye ndoa wa chuo cha MIT, Marekani, ambako familia zilipewa nyumba kadiri zilivyopatikana, bila kujichagulia majirani. Waliopakana mlango kwa mlango walitajana kuwa marafiki katika takriban 41% ya nafasi zilizokuwepo. Waliokaa ncha mbili za ghorofa hiyo hiyo, 10% tu. Aidha, aliyekaa chini penye ngazi alipata marafiki zaidi wa ghorofa ya juu, kwa sababu walimpitia kila siku, jambo linalofanana sana na chumba cha uani. Hata hivyo, utafiti wa baadaye wa Ebbesen na wenzake, wa mwaka 1976, ulionyesha kwamba hata watu tunaowachukia huwa ni wa jirani, hasa wale ambao kelele na taka zao hutufikia.

Mama wa Likoni: Mume wangu yuko Muscat kwa miaka mingi na ndoa ipo. Huo ujirani wenu unanihusu nini?

Mwalimu wa Morogoro: Dada, ujirani hueleza watu walivyoanza. Kuhusu kudumu, mwanasaikolojia Caryl Rusbult alitazama mambo matatu: mtu anavyoridhika, njia mbadala anazoziona nje, na vile alivyokwisha kuviweka humo visivyorudishika, kama watoto, kiwanja na ndugu wa pande zote mbili. Kwa hiyo mtu anaweza kubaki ilhali hana furaha. Mwaka 1995 yeye na Martz walichunguza wanawake waliokimbilia makazi ya hifadhi kwa sababu ya kupigwa, wakaona kwamba waliokosa kipato na usafiri, na waliokwisha kuwekeza mengi, ndio walioelekea zaidi kurudi kwa wenzi wao. Ndiyo maana sipendi kusikia ndoa ikisifiwa kwa urefu wake peke yake.

Mama wa Likoni: Nyumba tumejenga, hilo sikatai. Lakini mama mkwe alipougua nilimuuguza bila kuhesabu nitalipwa nini.

Mpangaji wa Temeke: Labda hesabu huanza pale mmoja anapohisi ametoa peke yake. Kwetu ilianza nilipokosa kazi, na nikawa naona haya hata kupokea chakula.

Bwana Kitalu: Na mkeo, yeye alikuwa akihesabu?

Mpangaji wa Temeke: Sijawahi kumuuliza.