Jumbe 11 za bosi nimeziandika upya, zote zimerudi. Nimuulize nini kabla sijarudia?

Kalamu_Kavu:
Wakuu, naombeni ushauri. Bosi wangu ana karakana ya uchapaji na wateja 11 hawajamaliza kulipa. Alinipa ujumbe mmoja: "Unakumbushwa kukamilisha malipo yako kabla ya mwisho wa mwezi." Akasema niuandike upya kwa kila mmoja, usomeke kama ameandika yeye mwenyewe. Nikaomba majina, umri, vyeo na madeni, nikaandika zote. Kasoma tatu, kanirudishia rundo zima: "Kiswahili safi, ila huyu wa pili siwezi kumwambia hivi. Wewe hujui tulikotoka." Haya, nitajuaje walikotoka? Siwezi kumhoji nusu saa kwa kila mteja.

Mzee_Kijana:
Umri na cheo vinatosha mbona. Mkubwa mwamkie, mdogo mwambie moja kwa moja, mwenye cheo mwite Mheshimiwa. Bosi wako anakusumbua tu.

NipeChangu:
Dawa ya deni kulipa. Wape notisi ya siku 14, anayekaidi mfikishe mahakamani.

Kalamu_Kavu:
@NipeChangu siulizi namna ya kudai, nauliza namna ya kuandika kwa sauti ya mtu mwingine.

Katibu_Mstaafu:
Umri unakupa salamu, basi. Baada ya "Shikamoo" bado hujui useme nini. Nimewaandikia wakubwa barua miaka mingi, na kwa kila jina nilikuwa nauliza mambo matatu. Mara ya mwisho mliongea lini, na nani alimtafuta mwenzake? Kati yenu nani ana fadhila kwa nani? Akishausoma, unataka afanye nini? Hilo la tatu usilipite haraka. Bosi atakujibu "alipe", nawe umuulize tena, maana mara nyingi anachotaka ni mtu ataje tarehe mwenyewe, au asije akaacha kuleta kazi.

Halafu omba akuonyeshe ujumbe mmoja wa zamani kwa kila mteja. Humo utaona wanaitanaje, na kama yeye huandika "naomba unitumie" au "nitumie basi". Kati ya watu waliozoeana, "tafadhali" ikizuka ghafla mtu hujiuliza amekosa nini.

Kalamu_Kavu:
Nimerudi. Nimemuuliza kuhusu yule wa pili, kumbe ndiye aliyemfundisha kazi! Humwita bosi "mwanangu", na mara ya mwisho ni yeye aliyepiga simu kumpa pole ya msiba. Mimi nilikuwa nimeandika: "Shikamoo Mzee. Tafadhali kamilisha malipo ya vitabu vya risiti kabla ya mwisho wa mwezi." Shikamoo ipo, na bado ni amri kwa mwalimu wake. Nikauliza anataka nini hasa, akasema ajue tu pesa itaingia lini, apange kununua karatasi. Nimeandika hivi:

"Shikamoo Mzee. Nashukuru sana kwa simu yako ya siku ile, ilinitia nguvu. Mzee, napanga kununua karatasi, nikakumbuka vile vitabu vya risiti. Naomba uniambie lini itakuwa rahisi kwako, nami nijipange. Mwanao."

Kaupitisha, isipokuwa kafuta "ilinitia nguvu". Eti hasemagi hivyo.

Katibu_Mstaafu:
Hapo sasa. Na hilo alilolifuta likumbuke, litakusaidia kwenye zile kumi zilizobaki.

Mama_Wawili:
Mimi niliwahi kumwandikia baba ujumbe kwa wakwe zake. Heshima zote zilikuwemo. Kumbe mkwe macho yamepungua, anasomewa na mjukuu, na mambo ya ndani yakasomwa mbele ya wageni. Tangu hapo huuliza kwanza: simu hiyo anaishika nani?

Kalamu_Kavu:
@Mama_Wawili hilo sikuliwaza kabisa. Swali lingine: mteja wa saba anasema kurasa zilichapwa vibaya, kwa hiyo hadaiwi. Nilimwandikia "deni lako".

Katibu_Mstaafu:
Ukishaandika "deni" umeshakata kesi. Huyo usimwandikie hadi bosi aamue kama anakubali kosa. Hakuna maneno ya kuziba uamuzi ambao haujafanywa, na akikwambia "andika tu kwa upole", mrudishie.

Mzee_Kijana:
Mimi ningeandika "malipo yaliyobaki" nisonge mbele. Ila wale wanaofahamiana je? Wakilinganisha simu, mmoja kaandikiwa shairi na mwingine mistari miwili?

Kalamu_Kavu:
Wapo wawili, ni ndugu, na bosi amezoeana na mmoja tu. Katibu, hao nawafananisha au kila mtu na wake?

Katibu_Mstaafu:
Tarehe na masharti yafanane neno kwa neno. Salamu kila mtu na yake. Kuhusu urefu, hapo nami huwa nasitasita.